Tuzo ya usuluhishi ninayo mkononi, kiwanda kiko Zhejiang, na hela sijaiona. Nani alisema hii njia ni rahisi?

Mzigo_Kariakoo:
Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nilinunua mashine ya kufungasha unga kutoka Zhejiang. Ikaja mbovu, jamaa wakauchuna. Mkataba ulikuwa na kifungu cha usuluhishi Dar es Salaam, alikiandika wakili wangu mwenyewe. Tukamteua msuluhishi, kiwanda hakikutokea, kesi ikasikilizwa upande mmoja na nikapata tuzo ya dola 84,000. Siku ile nilichinja mbuzi.

Nimepeleka makaratasi kwa wakili wa China. Kwanza akataka nakala ya tuzo na ya mkataba zilizothibitishwa, zigongwe mihuri Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi wao, na zote zitafsiriwe Kichina. Sawa, nimelipia. Halafu ananiambia mahakama ya kule haitaijua kampuni iliyotajwa kwenye tuzo, kwa sababu imeandikwa jina la Kiingereza, na kampuni ya China Bara kisheria ina jina la Kichina tu. Hilo la Kiingereza wanajibandikia kwa ajili ya wateja!

Wakili wangu alilinakili kutoka kwenye proforma. Msuluhishi akalinakili kutoka kwa wakili. Wote nimewalipa. Barua za wito nazo zilitumwa kwenye imeili ya binti wa mauzo peke yake. Bora ningeenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, kesi ikaisha.

Kaka_Mkubwa_Temeke:
Pole mkuu. Mimi siku zote nasema mahakama ndiyo yenye meno. Hukumu ya Mahakama Kuu ni amri ya dola, huko China wangeitii tu. Hiyo tuzo ni karatasi ya watu binafsi.

wakili_msomi77:
Kaka Mkubwa, hapo umekwenda kinyume. Hukumu yetu ikifika China inahitaji mkataba wa nchi kwa nchi, au mahakama yao iridhike kwamba na sisi tungetambua ya kwao. Mlango huo upo ila ni mwembamba. Tuzo inapita kwenye Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi wanachama wamekubaliana kutambua tuzo za usuluhishi za nje. Tanzania iliingia 1964, China 1987. Mahakama ya kule hairuhusiwi kuanza kesi upya ili iangalie mashine ilikuwa mbovu au nzima.

Ungekuwa unamdai mtu wa Nairobi ningekuelewa, maana Kenya ina sheria ya kusajili hukumu za nchi kadhaa na Tanzania imo.

Mleta uzi, kinachonitisha mimi ni ule wito kuliko jina. Kukosa taarifa ni mojawapo ya sababu chache za kukataa tuzo, na asiyetokea ndiyo hiyo anayoikimbilia. Tafuta ushahidi kwamba binti yule alijibu, au stakabadhi ya kuria kwenye anwani iliyosajiliwa. Faraja ni kwamba mahakama ya ngazi ya kati kule haikatai tuzo ya nje yenyewe. Lazima ipeleke suala juu, mpaka Mahakama ya Watu ya juu kabisa nchini kwao, iliyoko Beijing, ikubali.

mama_Junior_Moro:
Usuluhishi ni mzuri jamani msiuponde. Mimi CMA walinisaidia, mwajiri akalipa mishahara yote. Nenda CMA kaka.

Mzigo_Kariakoo:
Mama Junior, CMA ni ya mambo ya kazi. Mimi nadai kiwanda.
Wakili, kwa hiyo msuluhishi si aandike tu jina upya?

wakili_msomi77:
Muda wa kuomba marekebisho huwa wiki chache tangu tuzo itoke, kwa hiyo uliza leo. Ukiwa umepita, shughulika na ushahidi. Angalia ukurasa wa sahihi wa mkataba: kuna muhuri mwekundu wa duara? Jina lililozunguka pale ni la Kichina. Lilinganishe na rejista yao, gsxt.gov.cn, uchukue namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Hapo unaonyesha wenye jina la Kiingereza na wenye muhuri ni walewale. Na usilale: kule una miaka 2 ya kuomba kukaza tuzo, inahesabiwa tangu mwisho wa muda waliopewa kulipa.

Kaka_Mkubwa_Temeke:
Bado nasema ungekamata kontena lao lijalo pale bandarini.

Mzigo_Kariakoo:
Hawajaleta kontena jingine, ningekamatia nini?
Wakili, muhuri upo. Ila hela niliituma kwenye akaunti ya Hong Kong, jina karibu sawa, mwisho "Limited". Sasa ninamdai nani?

wakili_msomi77:
Unamdai aliyegonga muhuri. Ukimgeukia wa Hong Kong unaweza kukuta kampuni haina hata kiti. Lakini kama muhuri wenyewe ni wa Hong Kong, hiyo ni habari nyingine kabisa. Nitumie inbox picha ya ukurasa wa mwisho, funika bei.

Mzigo_Kariakoo:
Natuma. Ila wakili wangu wa kwanza ananirudishia ada yangu, hilo sijadili.