Naomba ushauri: nimezisoma sawa lebo hizi za sola?

Habari za jioni wakuu. Mjomba wangu yuko Kongwa, kanunua paneli iliyotumika, kanirushia picha mbili. Mimi niko Dodoma mjini, sitafika hadi Jumamosi, na yeye anataka kuunga leo leo.

Lebo ya paneli inasomeka Pmax 250W, Vmp 30.5V, Imp 8.2A, Voc 37.6V. Kontrola imeandikwa PWM 12V/24V, 20A, Max PV 50V. Betri ni moja, ya 12V.

Ninavyoelewa, Voc 37.6 iko chini ya 50, kwa hiyo kontrola haitaungua. Ila PWM huivuta paneli hadi volti za betri, tuseme 13, na ampea zinabaki 8.2 zilezile. Hapo anapata wati 107 hivi, si 250 alizolipia. Je, atafute MPPT? Betri ya pili ili iwe 24V naona itamsumbua, balbu zake zote ni za 12V.

Kinachonitisha zaidi ni chanya na hasi. Waya zote mbili za paneli ni nyeusi. Kiunganishi kimoja kina "+", cha pili flashi imekifuta. Tena naona sehemu imezungushiwa utepe, kama vile viunganishi vilikatwa vikaungwa upya, kwa hiyo hata hiyo "+" siiamini. Nimemwambia apime kwa mita juani: namba ikitanguliwa na alama ya kutoa, ncha nyekundu ya mita imeshika hasi. Kisha aunge betri kwanza, paneli baadaye.

Kuna nilipokosea?