Wakuu, naombeni ushauri: nimebakiza makasha 18 nimpate nyota, niache au nimalizie?

Kijana wa Kirumba (mtoa mada):
Habari za jioni wakuu. Nacheza gemu moja ya mpira kwenye simu, ya bure kabisa kupakua. Kuna tukio la kufungua makasha kwa almasi za humo ndani ya gemu, unazinunua kwa hela halisi, na unaweza kutoka na kadi ya nyota. Ukifika kasha la 80 bila kumpata, wanakupa nyota kwa lazima. Mimi nimefungua 62. Tukio linaisha Ijumaa usiku. Hela niliyotumia ni ndogo tu, kama elfu hamsini. Ninachouliza ni namna ya kujizuia nikishampata, maana naona kama nazoea.

Sangara Mkavu:
Mwadui ipo hapo Shinyanga, wewe unanunua almasi za kwenye simu 😂 Huku Mwaloni dagaa tunawavuta kwa taa. Kumbe na binadamu wanavutwa na mwanga wa kasha.

Mama Kemi:
Pole mwanangu. Hawa watoto wasumbufu. Wangu wa darasa la nne alishika simu yangu, nikaenda kulipa luku nakuta salio limeenda. Kumbe namba ya siri ananiona ninavyobonyeza kila siku. Mpokonye simu, mpe madaftari.

Kijana wa Kirumba:
Mama, ni mimi mwenyewe ninayecheza. Nina miaka 27.

Mama Kemi:
Yesu wangu.

Fundi Koini:
Mtoa mada, almasi unanunua fungu gani, na kasha moja ni almasi ngapi?

Kijana wa Kirumba:
Fungu ni almasi 1,200 kwa 48,000. Kasha moja almasi 150. Kumi kwa mpigo 1,500, na ukipiga kumi unahakikishiwa kadi moja ya daraja la pili. Nimebaki na almasi 300.

Fundi Koini:
Basi kaka, hiyo elfu hamsini haipo. Gawanya 48,000 kwa 1,200: almasi moja ni shilingi 40, kasha moja ni shilingi 6,000. Kwenye kioo huoni shilingi popote, unaona 150 tu, ndiyo maana kidole hakisiti. Makasha 62 ni almasi 9,300. Ongeza 300 ulizobaki nazo, unapata 9,600, ambayo ni mafungu manane kamili. Hiyo ni 384,000.

Angalia tena fungu lenyewe. Kitufe kinachotamanisha ni cha kumi kwa mpigo, almasi 1,500, ila fungu ni 1,200. Kila ukinunua unapungukiwa 300. Ukiongeza la pili, unapiga kumi halafu unabaki na 900, nazo hazitoshi kumi nyingine. Hawajakosea hesabu hapo. Walipanga ubaki na vijisenti ambavyo roho inauma kuviacha.

Mwalimu wa Butimba:
Hii ni kamari, vijana. Ulaya nzima wamepiga marufuku. Nenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukashtaki, urudishiwe chako.

Fundi Koini:
Mwalimu, si Ulaya nzima. Ubelgiji ndio walioamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia ni kamari. Nchi nyingine nyingi bado yanauzwa. Apple tangu Desemba 2017 inalazimisha watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kila kitu kabla hujanunua. Mtoa mada, fungua maelezo ya kasha, nyota ni asilimia ngapi?

Kijana wa Kirumba:
1%. Halafu chini kuna maandishi madogo: anayetoka, nusu kwa nusu ndiye wa kwenye tangazo, la sivyo ni nyota mwingine. Ukikosa, wa pili ni yeye kwa lazima.

Sangara Mkavu:
Fungua saa tisa usiku mkuu, seva zinakuwa tupu. Mshikaji wangu Nyegezi alitoka nao wawili.

Fundi Koini:
Seva haijui saa. Mshikaji wako alibahatika, na waliokosa saa tisa usiku hawakupiga picha ya kioo.

Mtoa mada, almasi 300 zako zinatosha makasha mawili, yanabaki 16. Hayo ni almasi 2,400, mafungu mawili, 96,000. Nafasi ya kumpata nyota kabla ya lile la 80 ni kama 16 kwa 100. Yale 62 uliyofungua hayajaisogeza hata kidogo. Kwa hiyo hesabia kwamba unafika mwisho. Pale mwisho unarusha sarafu. Ikikukataa, unaanza 80 nyingine: almasi 12,000, mafungu kumi, 480,000. Jumla inaweza kufika 576,000 juu ya ulizokwisha kutoa. Na soma kama hesabu ya makasha inahamia tukio lijalo au inafutwa Ijumaa. Gemu nyingine huhamisha, nyingine hufuta.

Swali langu ni moja: hela ni ya nani?

Kijana wa Kirumba:
…Ni ya mchezo wetu. Tuko kumi, wauza dagaa. Mimi ndiye nakusanya, inakaa kwenye simu yangu. Anayefuata kupokea ni Jumamosi. Ila nina mpango. Nikimpata nyota nauza akaunti, kuna jamaa wa Buhongwa ananipa laki sita. Narudisha yote na inabaki. Kwa hiyo kuacha sasa hivi ndiyo hasara.

Mwalimu wa Butimba:
Umekula jasho la wanawake wanaoanua dagaa juani.

Chai Rangi:
Wakuu, chai hii haina hata sukari. Akaunti yake ya humu jukwaani ni ya wiki hii, hela ilianza elfu hamsini ikawa laki nne, mara mnunuzi wa laki sita yuko Buhongwa. Halafu hivi vikundi vina sanduku la kufuli tatu, hela inaingiaje kwenye simu ya mtu mmoja? Huyu ni jamaa anatangaza akaunti yake.

Kijana wa Kirumba:
Sanduku ni la kikoba. Huu ni mchezo wa kupokezana, hauna sanduku. Kama naongopa, basi nifungieni.

Mama Kemi:
Kweli hata sisi tunatuma kwenye simu ya dada mmoja. Ila wetu ana mume mkali.

Chai Rangi:
Sawa. Aweke picha ya miamala.

Fundi Koini:
Chai au si chai, yuko mtu anasoma hapa na hesabu hii ni yake. Kuuza akaunti masharti ya gemu nyingi yanakataza, wakijua wanaifunga. Na mnunuzi anajua ulifungua kwa barua pepe yako, kesho unaweza kuivuta tena. Ndiyo maana laki sita huwa maneno mpaka siku ya kulipa. Tena usidanganyike na wakala wa WhatsApp mwenye almasi za nusu bei. Wengine wanalipa kwa kadi za wizi, mwenye kadi akidai hela yake, akaunti yako inasoma hasi.

Fungu la mwisho ulinunua lini?

Kijana wa Kirumba:
Jana usiku.

Fundi Koini:
Omba Google wakurudishie leo, wanapokea maombi ndani ya saa 48. Hawaahidi, hasa almasi zikishatumika, na gemu inaweza kukukata. Lakini omba. Halafu ondoa kadi Play Store, na kwenye mipangilio weka `Purchase verification` kwa kila manunuzi. Kuna sehemu ya kuweka bajeti pia, ila inakuonya tu, haikuzuii. Hela iliyobaki ya mchezo mtumie anayepokea Jumamosi, leo, na umwambie pengo ni kiasi gani kabla hajaingia kwenye kikao.

Mwalimu wa Butimba:
Na gemu ifutwe.

Fundi Koini:
Akitaka. Kufuta gemu hakufuti kadi.

Kijana wa Kirumba:
Anayepokea ni shangazi yangu. Nimeondoa kadi. Ombi nimetuma. Shangazi sijampigia bado. Lakini hizi almasi 300 ni zangu tayari, si nifungue hayo mawili tu?

Fundi Koini:
Umeomba urudishiwe fungu hilo hilo. Ukizifungua, ombi lako linakufa.

Chai Rangi:
Nasubiri picha ya miamala.

Kijana wa Kirumba:
Nimefungua moja kabla sijasoma. Imetoka kadi ya kipa, ninaye tayari watatu.