Mwenzangu yuko pensheni ya zamani, mimi ya michango: soko likianguka hasara ni ya nani?

Karani_wa_Kitui: Wadau, habari zenu. Niliajiriwa serikalini hapa Kenya 2021 nikiwa na miaka 30, nikaingia moja kwa moja kwenye mpango mpya wa pensheni. Nakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaongeza 15. Ofisini kuna mzee aliyekuwa ameshavuka miaka 45 mpango ulipoanza, akachagua kubaki kwenye wa zamani. Hunitania kwamba yeye anajua atakachopata, mimi nacheza kamari. Je, uwekezaji ukienda vibaya, anayebeba hasara ni nani? Na kuna la kufanya mapema?

Baba_Neema: Usihangaike ndugu. Mwajiri wako ni serikali. Kikipungua kitu, itajaza.

Mdhamini_Mstaafu: Baba Neema, hiyo ni kweli kwa yule mzee, si kwa Karani. Serikali ikishaweka asilimia zake 15 mwezi huo, imemaliza deni. Kinachobaki ni akaunti ya Karani mwenyewe, ikipanda ni yake, ikishuka ni yake. Mzee hana akaunti, ana fomula: mshahara wake wa mwisho kwa mwaka mzima, mara miezi ya utumishi, gawa kwa 480. Kwake hata uwekezaji haupo, analipwa kutokana na kodi.

Chukua mshahara wa msingi wa 60,000 na utumishi wa miaka 30, yote kwa thamani ya leo. Kwa fomula unapata 540,000 kwa mwaka. Ukibadilisha robo kuwa mkupuo, unazidisha 135,000 mara 20, unaondoka na milioni 2.7, kisha 33,750 kila mwezi.

Karani anawekewa 13,500 kwa mwezi. Uwekezaji ukikua sawa tu na mishahara, mwisho ana milioni 4.86. Akichukua theluthi mkononi, ni milioni 1.62. Iliyobaki anaipeleka kwa kampuni ya bima imlipe pensheni, na tuseme inampa asilimia 10 kwa mwaka, basi ni 27,000 kwa mwezi. Lakini uwekezaji ukiipita mishahara kwa asilimia 3 kila mwaka, akaunti inakaribia milioni 7.7, mkononi anapata kama milioni 2.57 na kila mwezi kama 42,800. Mtu ni yuleyule, makato ni yaleyale. Hiyo asilimia 10 nayo hutegemea hali ya riba siku anapostaafu, na hiyo pia ni bahati yake mwenyewe.

Karani_wa_Kitui: Kumbe naweza hata kumpita mzee! Ila naona naweza pia kubaki nyuma sana.

Mwana_Dodoma: Sisi huku Tanzania, kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, bado tuko kwenye fomula. Lakini msidhani fomula ni jiwe. 2018 mifuko ilipounganishwa, kanuni mpya zilishusha mkupuo kutoka asilimia 50 hadi 25, na kigawanyo kikatoka 540 hadi 580. Watu wakapiga kelele, Rais Magufuli akasitisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Sasa mke wangu yuko NSSF, je, tunaweza kuunganisha michango yetu?

Baba_Neema: Hilo la mke fungua uzi wake, mkuu.

Mdhamini_Mstaafu: Ila hoja yako kwamba fomula hubadilishwa ni nzito. Mfuko wa fomula ukielemewa, soko halikugusi moja kwa moja, unaguswa na anayeandika kanuni. Na mwajiri akiishiwa, ahadi hubaki karatasini.

Karani, kuhusu la kufanya: ukubwa wa hasara hutegemea umri. Soko likishuka asilimia 20 akaunti ikiwa na milioni moja, umepoteza laki mbili na una miaka ya kuzirudisha. Likishuka hivyo ukiwa na 59 na milioni 7.7, ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa hiyo soma sera ya uwekezaji inasema nini kuhusu wanaokaribia kustaafu. Kuna mifuko inayowahamishia kwenye hatifungani na amana, na mingine huwaweka wote chungu kimoja, kijana na mzee. Na kwenye taarifa yako ya mwaka linganisha faida na mfumuko wa bei baada ya gharama kutolewa. Faida ya asilimia 8 wakati bei zimepanda 8 ni sifuri.

Shamba_Kwanza: Mimi ningenunua ploti. Ardhi haishuki.

Mdhamini_Mstaafu: Hushuka, ila hakuna anayekutumia taarifa ya mwaka kukuonyesha.

Karani_wa_Kitui: Hiyo sera ya uwekezaji naipata wapi? Kwenye taarifa yangu sijaiona.

Mdhamini_Mstaafu: Waandikie wadhamini uiombe. Waulize pia kama kuna mfuko tofauti kwa walio karibu kustaafu au wote mko pamoja.