Nyutro inachemka Paje: kebo nene, nyutro ya pili au kichujio?

FundiPaje
Assalam alaykum mafundi. Kuna hoteli hapa Paje, ubao wa juu umejaa taa za LED, pamoja na invata ndogo za pampu za bwawa zinazoingia fezi moja. Klempu mita yangu ya True RMS inasoma fezi 31, 30 na 29 A, lakini nyutro inasoma 46 A! Kebo ni ya nyaya nne, PVC 10 mm², ndani ya bomba ukutani. Breka ni ya 40 A, nguzo tatu. Nibadilishe kebo iwe 16 mm², niongeze nyutro ya pili, au nitie kichujio?

Mkunazini_Volti
Mzigo haujasawazika, shekhe. Hamisha saketi mbili tatu, nyutro itashuka.

BiUmeme
Fezi tayari zimelingana. Tofauti hiyo peke yake haifikishi hata 2 A kwenye nyutro. Hiyo ni hamoniki ya tatu: kwenye fezi zote tatu inapanda na kushuka kwa pamoja, kwa hivyo haifutani, inajumlishana. Kama mita yako inapima Hz, ibane kwenye nyutro. Ukiona 150 badala ya 50, basi ndiyo.

Sasa gawa 46 kwa tatu: 15 A kila fezi, yaani nusu ya mkondo wa fezi. IEC 60364-5-52 inasema ikivuka 45%, chagua kebo kwa mkondo wa nyutro. Waya wa 10 mm² kwa ufungaji huo hubeba 46 A kwenye joto la 30°C. Kwa 35°C, ambayo huku kwetu si ajabu, unabaki na 43. Wa 16 mm² unabaki na 58. Mimi ningeweka huo. Nyutro ya pili inafaa ikiwa sawa kwa unene na urefu, lakini kiungo kimoja kikilegea, mwenzake hubeba yote na breka yako haioni kitu.

Wete_Barafu
Sisi kiwandani Pemba tuliongeza nyutro kwa ajili ya invata ya kompresa, wala haikusaidia. Kapasita ziliendelea kuvimba.

BiUmeme
Ya kwako ni ya fezi tatu, kaka. Hiyo hutoa ya tano na ya saba, haipiti nyutro. Angalia choki kwenye laini, na kapasita zisizo na riakta.

Mkunazini_Volti
Sawa, nimekubali. Ila kichujio cha nyutro ni rahisi kuliko kuvuta kebo mpya.

BiUmeme
Kinazuia mkondo, lakini volti ya nyutro dhidi ya ardhi inapanda na wimbi la volti linaharibika. Kwa hoteli sikipendi.

FundiPaje
Na nikibadilisha draiva za taa?

BiUmeme
Taa za chini ya 25 W zinaruhusiwa hamoniki ya tatu kubwa mno, ndiyo maana vibalbu vingi ni wabaya kuliko paneli moja kubwa. Lakini pima kwanza invata peke yake, taa zikiwa zimezimwa. Na kebo inayolisha ubao mkuu, nyutro yake inasoma ngapi?

FundiPaje
Sijaifungua bado.