Kanzu imegeuka rangi ya chai ya maziwa

Kutoka: Salmini

Assalaam aleikum jamaa zangu. Naomba msaada kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nina kanzu ya pamba, nyeupe, yenye darizi ya hudhurungi kuanzia kola hadi kifuani, na kishada chake. Mwaka mzima naifua kwenye mashine pamoja na mashuka, digrii 40, kwa sabuni ya maji. Sasa mwili umekuwa kijivu, ndani ya kola kuna utepe wa manjano, na kitambaa kando ya darizi kimejikunyata kama karatasi iliyolowa ikakauka. Juzi nilitia jiki kifuniko kimoja. Ule utepe ukazidi umanjano! Nimekosea wapi?

Kutoka: Bi Mwana

Waaleikum salaam mwanangu. Kifuniko kimoja kitafaa nini? Tia vitatu, loweka usiku kucha, kisha suuza kwa siki nusu kikombe. Siki ndiyo inayong'arisha, mie sijaona cha kuishinda. Ukimaliza tia kanji nyepesi kola isimame.

Kutoka: Mzee Kombo

Hata mimi yananisumbua hayo. Kanzu yangu ni ya tetroni, nikaifua kwa digrii 90 ili itakate, imetoka na mikunjo kama ramani. Nimepiga pasi mpaka mkono umeniuma. Salmini, wewe huna jirani mwenye pasi ya mvuke?

Kutoka: Fundi

Shikamoo Bi Mwana, shikamoo Mzee Kombo. Nimetia darizi miaka mingi kabla sijaingia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi sasa, kwa hiyo nizungumze kidogo.

Bi Mwana, siki umeisema vizuri, ila kazi yake si kung'arisha. Inayeyusha chokaa ya maji, na kwa hilo vijiko viwili kwenye suuza ya mwisho vinatosha. Lakini tafadhali isikutane na jiki kwenye beseni moja, hata kwa mabaki. Hutoa hewa ya klorini, na bafu za huku ni ndogo, dirisha lenyewe hufunguliwa kwa shida.

Jiki kwenye kola ndiyo iliyomponza Salmini. Jasho na mafuta ya shingo yakibaki kitambaani, klorini huyageuza manjano zaidi badala ya kuyaondoa. Mafuta yatoke kwanza, weupe baadaye.

Ukijivu nao unatokana na mambo mawili. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Kama kuna ukoko mweupe, maji yako ni magumu, na sabuni kidogo ndani ya maji magumu hugandia nguo badala ya kuondoka na uchafu. Pili, sabuni ya maji haina dawa ya weupe ndani yake. Sabuni ya unga ya nguo nyeupe kwa kawaida inayo. Badili hiyo tu, pima kwa kipimo cha maji magumu kilichoandikwa kwenye pakiti, na usijaze mashine zaidi ya nusu. Kanzu ndefu ikifungwa na mashuka haipati maji ya kuisuuza.

Sasa taabu yenyewe. Mwili wa kanzu unataka joto na dawa, shingo haitaki hata kimoja. Ukiifua yote kama mwili, darizi inaharibika. Ukiifua yote kama shingo, mwili unabaki kijivu. Kwa hiyo zifue kama nguo mbili.

Kabla ya lolote, jaribu uzi. Chukua kitambaa cheupe, kilowe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kibandike nyuma ya darizi pasipoonekana, ukikandamize kwa dakika tano. Kikitoka na rangi, uzi unachuja. Nijibu kwanza.

Kutoka: Salmini

Kimetoka na kivuli cha hudhurungi, si kingi. Birika nalo lina ukoko, unabanduka kwa kucha. Je, nimeshaipoteza?

Kutoka: Fundi

Hujaipoteza. Uzi unachuja kidogo, basi shingo haitalowekwa.

Anza na ule utepe. Geuza kola nje ndani. Paka sabuni ya vyombo matone machache juu ya manjano, sugua polepole kwa mswaki laini kufuata mwelekeo wa nyuzi, usivuke kuingia kwenye darizi. Acha dakika ishirini, futa kwa kitambaa chenye maji baridi mara mbili tatu. Utajua mafuta yametoka kitambaa kikiacha kuteleza kidoleni.

Kisha mwili. Nunua dawa ya weupe ya oksijeni, ile ya unga. Kwenye pakiti tafuta sodiamu pakaboneti, isiwe ya klorini. Yeyusha vijiko vitatu vya chakula kwenye maji ya moto kidogo, halafu jaza hadi lita kumi, maji yawe ya joto linalokaribia kuunguza mkono. Kwa maji baridi dawa hiyo inalala tu. Tundika kanzu kwenye henga pana juu ya beseni, pindo hadi tumboni viingie majini, kifua kibaki nje.

Hapa wengi hujikwaa. Maji hupanda pamba kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa. Ukiacha darizi karibu na maji, yatafika yenyewe, na rangi itashuka nayo. Acha shibiri moja na zaidi kati ya maji na darizi, kaa karibu, na kila dakika kumi kandamiza taulo kavu kwenye mpaka. Saa mbili zinatosha. Usiku kucha ni kwa mashuka, Bi Mwana, samahani.

Ukimaliza, gusa manjano yaliyobaki ndani ya kola kwa maji hayo hayo, kwa pamba ya masikioni, dakika tano, futa. Halafu ifue mashine peke yake, nje ndani, ndani ya mfuko wa wavu, digrii 30, mzunguko wa kukamua usizidi 600, na bonyeza suuza ya ziada. Mfuko unakuokolea kishada kisivutwe, na 30 ni kwa ajili ya uzi wako. Asiyekuwa na uzi unaochuja aende 40.

Mzee Kombo, tetroni ikikamuliwa ingali moto hushika mkunjo. Ifue 40, ikamue taratibu. Mikunjo uliyonayo huenda isitoke yote.

Kutoka: Bi Mwana

Na nili? Zamani nguo nyeupe bila nili haijafuliwa.

Kutoka: Fundi

Nili haiondoi manjano, inayaficha kwa kuongeza ubuluu. Tia baada ya manjano kutoka, tone chache kwenye ndoo nzima, koroga kabla nguo haijaingia. Ukimimina juu ya nguo unapata madoa ya mbingu.

Kutoka: Salmini

Jamani, nimerudi na habari. Mwili umekuwa mweupe mpaka nimeuweka karibu na karatasi ya printa kuhakikisha. Maji yalipanda kweli, nilipoacha dakika kama ishirini kwenda kujibu simu nikakuta mpaka umefika kidole kimoja chini ya darizi. Taulo ikanisaidia. Utepe wa kola haujaisha. Ulikuwa kama karafuu, sasa ni kama kivuli cha karatasi ya zamani, na unaonekana tu ukigeuza kola.

Ila shingo bado imejikunyata. Kando ya darizi kuna mawimbi. Nikaitia kwenye mashine ya kukaushia dakika kumi nikidhani joto litainyoosha.

Kutoka: Fundi

Usiirudishe tena kwenye ile mashine. Pamba husinyaa ikilowa na ikikaushwa kwa joto, uzi wa darizi mara nyingi ni poliesta na hausinyai. Kitambaa kinavuta, uzi unabaki ulivyo, na mawimbi yanazaliwa hapo kwenye mshono. Tumbo la kanzu likipungua nusu inchi hakuna anayejua, lakini shingoni kila mtu anaona.

Kabla ya pasi, bana kola kati ya kidole gumba na cha shahada, uisugue huku na huku. Tabaka likiwa moja, ni pamba iliyosinyaa, na inarudi kiasi. Matabaka yakiteleza, basi gundi ya kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola imeachia. Hilo pasi hulituliza kidogo tu, na baada ya kufuliwa mara moja vipovu vinarudi. Hapo fundi afungue kola abadilishe cha ndani.

Kutoka: Salmini

Haitelezi. Ni moja.

Kutoka: Fundi

Alhamdulillahi. Ilowe kola kwa kunyunyiza, isidondoke maji. Tandaza taulo nene, weka darizi ikitazama chini, ili nyuzi zizame kwenye taulo na zisibanwe zikapoteza uvimbe wake. Shika kitambaa nje ya darizi kwa mikono miwili, kivute taratibu kuelekea pande zote, kama mtu anayetandika shuka. Vuta kitambaa, usivute uzi. Weka kitambaa chembamba cha pamba juu, pasi iwe ya joto la kati. Kandamiza, inua, sogeza, kandamiza. Usiteleze pasi, ndiko kunakopindisha kola. Acha ipoe hapo hapo kwenye taulo kabla ya kuiinua, vinginevyo mawimbi yanarudi ikiwa ungali nayo mkononi.

Kuanzia sasa usiitundike kwa mabega ikiwa imelowa kabisa. Maji huikokota kwa urefu na shingo inafunguka. Ilaze juu ya fito la kukaushia, kiuno kikiwa juu ya fito, mpaka iache kudondosha, ndipo uitie henga pana.

Kutoka: Mzee Kombo

Mimi natundika kwa mabega miaka yote na haijawahi kufunguka.

Kutoka: Fundi

Ya tetroni, Mzee. Haibebi maji mengi kama pamba.

Kutoka: Salmini

Nimepiga pasi mara mbili. Mawimbi yamebaki mawili madogo upande wa kushoto, hayaonekani ukisimama mbali hatua mbili. Nimeridhika. Sasa mmoja aniambie, nitie kanji au nisitie?

Kutoka: Bi Mwana

Utie! Mwili mzima, nyepesi, ikinyauka upige pasi. Kola bila kanji inalala kama sikio la mbuzi.

Kutoka: Fundi

Mimi situmii kwenye darizi. Kanji hukaa kati ya nyuzi, na kanzu ikiwekwa kabatini miezi, hapo ndipo manjano mapya yanapoanza. Kama ni ya kuvaliwa Jumamosi na kufuliwa Jumapili, haina neno.

Kutoka: Bi Mwana

Zangu ziko kabatini na kanji yake, nyeupe pepe. Tutabishana siku nyingine, mwanangu. Salmini, siku ya shughuli utupigie picha ya kola, upande wa kushoto.