Naomba ushauri: punguzo la hoteli Diani mwezi Mei

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, na mimi na mke wangu tunataka kwenda Diani, pwani ya Kenya, siku nne katikati ya Mei. Hoteli moja inatangaza punguzo la asilimia 35, eti ni "kipindi cha utulivu". Chumba cha watu wawili, na kifungua kinywa na chakula cha jioni, kimeshuka kutoka shilingi 14,000 za Kenya kwa usiku hadi 9,100. Kwa siku nne tunaokoa 19,600.

Najua Mei ni masika, na upepo wa kusi unachafua bahari na kuleta mwani ufukweni. Mvua hainitishi, hata huku tunanyeshewa. Kinachonisumbua ni huo utulivu wenyewe. Nimewapigia simu kuuliza nini kitakuwa wazi. Baada ya kuzungukazunguka walikiri kwamba jengo moja linakarabatiwa na mgahawa wa ufukweni umefungwa. Safari ya mashua kwenda Kisite, ambayo ndiyo mke wangu anaitaka, "itategemea bahari". Na malipo yote ni mapema, hayarudishwi.

Waliowahi kwenda Mei: mashua za Kisite hutoka kweli, au nisogeze safari hadi Julai nilipe bei kamili? Na je, kuna aliyefanikiwa kuwashawishi wakubali kubadilisha tarehe badala ya kurudisha pesa? Natakiwa kulipa Ijumaa.