Barua ya mwajiri wa marehemu kaka: mke yuko Tanga, jina ni langu

Dada wa Leicester:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Ahsanteni kwa rambirambi, kaka tulimzika Tanga. Sasa imekuja barua ya kampuni aliyofanya kazi hapa Uingereza, na imeandikwa kwangu kwa sababu kwenye faili lao mimi ndiye ndugu wa karibu. Wanasema kuna mshahara wa mwisho, likizo ambayo hakuichukua, na mafao ya kifo mara 3 ya mshahara wa mwaka. Wanataka cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, kitambulisho changu, akaunti ya benki na granti ya mirathi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu. Wifi yangu yuko Tanga na watoto 2. Je, nitie akaunti yangu? Na granti ni ya vyote au ya mshahara tu?

Mzee wa Coventry:
Pole sana binti yangu. Usisahau kudai P45 yake mapema, ile karatasi ya mtu anayeacha kazi, na HMRC, watu wa kodi, watarudisha kodi. Na mjane ana haki ya Bereavement Support Payment, msaada wa serikali kwa waliofiwa na mwenzi, pauni 3,500 za mwanzo akiwa na watoto. Ile karatasi ya kijani ya msajili ndiyo cheti, wapelekee.

Nesi Mstaafu:
Mzee, heshima yako, lakini hapa tusimpoteze. Aliyefariki hatolewi P45. Kampuni inaandika tarehe ya kifo kwa HMRC na kumaliza malipo. Karatasi ya kijani ni ya mazishi. Cheti kinanunuliwa kwa msajili, pauni 12.50 kila nakala, na fotokopi hawaipokei, kwa hiyo nunua kadhaa. Hizo 3,500 zinamtaka mjane awe anaishi hapa Uingereza, au nchi yenye mkataba nayo.

Sasa swali lako, dada. Jina la ndugu wa karibu kwenye faili la kazini ni la kupigiwa simu tu, halikupi fedha. Mshahara na likizo ni mali ya marehemu, vinaingia kwenye mirathi. Mafao ya kifo mara nyingi yako mikononi mwa wadhamini, yaani watu waliokabidhiwa kuusimamia mfuko huo, nje ya mirathi, na wao huamua wampe nani. Waulize kwa maandishi: mafao haya yanasimamiwa na wadhamini? Wakijibu ndiyo, granti haipaswi kuyazuia. Na uliza kama kaka alijaza fomu ya kumtaja mnufaika.

Dada wa Leicester:
Nimepiga simu. Fomu ipo, ya 2019, na jina ni langu. Alikuwa hajaoa bado. Nimelia.

Nesi Mstaafu:
Pole mama. Fomu hiyo ni ombi kwa wadhamini, haiwafungi. Waandikie wewe mwenyewe: fomu ni ya kabla ya ndoa, kuna mke na watoto waliokuwa wakimtegemea. Ambatanisha cheti cha ndoa na tafsiri yake iliyothibitishwa kama ni cha Kiswahili, na ushahidi wa fedha alizokuwa akituma nyumbani kila mwezi. Wakikaa kimya miezi mitatu, wakumbushe. Yakilipwa baada ya miaka 2 tangu wajue kifo, kodi inaweza kuingia.

Mhasibu Luton:
Na mshahara usiuogope. Alilipwa kiasi gani, alifariki lini?

Dada wa Leicester:
Pauni 2,100 kwa mwezi. Tarehe 9 Juni. Likizo siku 28, mwaka wao wa likizo unaanza Januari, alikuwa amechukua 5.

Mhasibu Luton:
Siku 9 za Juni ni kama 630. Likizo aliyoistahili hadi siku ile ni kama 12, ukitoa 5 zinabaki 7, kama 678. Jumla 1,300 hivi kabla ya kodi, na bima ya taifa isikatwe kwa malipo ya baada ya kifo. Kwa kiasi hicho waajiri wengi hulipa bila granti, ukisaini hati ya kuwakinga ikiwa atatokea mdai mwingine. Wakikataa, na kama kaka hakuacha wosia, mwenye haki ya kwanza ni mke: granti huombwa kwa fomu ya PA1A, na akiwa Tanga anakuteua wewe umwombee kwa fomu ya PA12. Akaunti yako usiitie kabla hajakubali kwa maandishi.

Kaka wa Nakuru:
Kwetu bila barua ya chifu huendi popote. Baba alipofariki tulizunguka NSSF hadi viatu vikaisha.

Mzee wa Coventry:
Bora hata barua ya chifu kuliko kikao cha ukoo. Nilikosa kikao cha mdogo wangu mwaka juzi kwa sababu ya pasi hii ya bluu ya Uingereza na viza. Lini serikali ya nyumbani itatupa uraia pacha? Mtu anazikwa kwao, wewe unapanga foleni ubalozini.

Dada wa Leicester:
Amin mzee. Kaka naye alikuwa akisema atarudi kujenga Pongwe. Barua kwa wadhamini nimeituma leo. Wifi kakubali, ila anauliza: sahihi yake ya PA12 ashuhudie nani huko Tanga, wakili au hakimu?